Jike Mwenye Mavazi Mengi

Katikati ya karne ya 19, wazungu waliokuwa wakikusanya vipepeo wa Afrika walikuwa na tatizo ambalo wenyewe hawakulijua. Katika makabati yao mlikuwa na kipepeo mkubwa wa manjano mepesi, mwenye kingo nyeusi na mikia miwili mirefu kwenye mabawa ya nyuma, waliyemwita merope. Droo nyingine ilikuwa na kipepeo mweusi mwenye mabaka makubwa meupe. Nyingine ilikuwa na mweusi wa madoadoa, na nyingine tena na wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi. Hawa wote watatu hawakuwa na mkia hata kidogo. Kila mmoja alipewa jina lake la kisayansi, akahesabiwa kuwa spishi inayojitegemea. Kitu kimoja tu kilipaswa kuwatia shaka: kila wa manjano aliyewahi kukamatwa katika Afrika bara alikuwa dume, na kila mmoja wa wale wasio na mkia alikuwa jike.

Aliyekaa na jambo hilo hadi likamkolea ni Roland Trimen, mtumishi wa serikali aliyeishi Cape Town na kutumia saa zake za ziada kuwatazama wadudu. Katika makala iliyotoka mwaka 1869 alidai kwamba vipepeo wote hao ni spishi moja. Wa manjano ni baba, na majike wale wa sura mbalimbali, wasiofanana naye wala wao kwa wao, ni wake zake na binti zake. Hoja yake kubwa ilitoka Madagaska, kwa sababu katika kisiwa hicho jike wa kipepeo huyo ni wa manjano na ana mikia, karibu sawa na dume wake. Trimen aliona kwamba hiyo ndiyo sura ya asili, na kwamba majike wa bara ndio waliobadilika.

Walimcheka. William Hewitson, mmoja wa wakusanyaji wakubwa wa vipepeo Uingereza, alisema wazi kwamba hawezi kuamini jambo kama hilo. Baada ya miaka michache, mtu aliyekuwa akimkusanyia wadudu katika kisiwa ambacho leo kinaitwa Bioko akamtumia dume wa manjano na jike mweusi na mweupe walionaswa wakiwa wamepandana. Karibu wakati huohuo, viwavi waliolelewa Afrika Kusini walitoa vipepeo wa sura tofauti. Mjadala ukaisha. Leo kipepeo huyo anaitwa Papilio dardanus, na hakuna mdudu wa Afrika aliyetufundisha mengi zaidi kuhusu ulaghai wa rangi. Anaishi misituni kuanzia Afrika Magharibi hadi Ethiopia na Afrika Kusini. Kwetu yuko katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, milima ya Usambara, nyanda za juu za Kenya na misitu ya Uganda.

Ili kuelewa majike hao wanafanya nini, ni lazima kuanza na wale wanaoigwa.

Chukua kipepeo wa rangi ya chungwa anayeonekana karibu kila mahali Afrika Mashariki, kwenye majani ya kando ya barabara na katika bustani za miji. Kwa kisayansi anaitwa Danaus chrysippus. Kichwa na kifua chake ni vyeusi vyenye vidoti vyeupe, na ncha za mabawa yake ya mbele kwa kawaida ni nyeusi zenye utepe mweupe. Anaruka polepole, akielea zaidi kuliko kupiga mabawa, kana kwamba hakuna ndege duniani. Ukimshika na kumminya kidogo kifuani kisha ukamwachia, mara nyingi huruka akaenda zake. Mwili wake ni mgumu na unanyumbuka kama ngozi iliyolainishwa, tofauti kabisa na vipepeo wengine ambao ukiwaminya hivyo wamekwisha.

Ugumu huo una sababu. Kiwavi wa kipepeo huyu hula mimea inayotoa utomvu mweupe kama maziwa ukivunja jani lake. Katika mingi ya mimea hiyo mna sumu zinazogusa moyo, za kundi lilelile la kemikali ambalo madaktari hutumia kwa vipimo vidogo kutibu maradhi ya moyo. Kiwavi huzihifadhi mwilini, naye kipepeo huzirithi. Ndege anayemmeza hupata kichefuchefu na kutapika muda mfupi baadaye. Hafi, na hapo ndipo palipo na siri ya mpango wote, maana ndege aliyekufa hakumbuki kitu, na mahali pake patachukuliwa na mwingine asiyejua lolote. Ndege aliyetapika huendelea kuishi katika eneo lake kwa miaka, na kila akiona rangi ya chungwa yenye ncha nyeusi anakumbuka tumbo lake. Mara nyingi hata kumeza hakuhitajiki, kwa kuwa ladha chungu humfanya amteme kipepeo akiwa bado hai, na ile ngozi ngumu humwezesha kuruka tena. Vipepeo wenye sumu wanaonaswa wakiwa na alama ya mdomo wa ndege iliyokatwa bawani ni ushahidi kwamba walionjwa wakaachwa.

Sasa rudi kwa majike wa dardanus. Yule wa rangi ya chungwa ameiga Danaus chrysippus. Yule mweusi mwenye mabaka meupe ameiga kipepeo wa msituni aitwaye Amauris niavius, ambaye naye ana sumu. Yule mweusi wa madoadoa ameiga Amauris wengine wawili, wanaofanana sana wenyewe kwa wenyewe. Uganda kuna hata jike mwenye utepe mpana wa chungwa kwenye bawa la mbele, aliyemwiga kipepeo wa kundi la Acraea. Majike hao wa dardanus hawana sumu yoyote ya maana. Viwavi wao hula majani ya miti ya jamii ya mlimau, na ndege anayewakamata anapata mlo wa kawaida kabisa.

Jambo hili, la asiye na sumu kuvaa rangi za mwenye sumu, lilielezwa kwa mara ya kwanza na Mwingereza Henry Walter Bates, na hadi leo linaitwa uigaji wa Bates. Bates alifika Amazoni mwaka 1848 na kukaa huko miaka 11. Aliona vipepeo wa jamii ya weupe wa kabichi ambao, badala ya kuwa weupe kama ndugu zao, walikuwa na mistari ya manjano, nyeusi na chungwa, sawasawa na vipepeo wa jamii nyingine walioruka nao polepole katika msitu uleule. Alieleza mwaka 1862 kwamba waigaji hao walitokana na uteuzi: katika kila kizazi, walioonekana hata kidogo kama wenye sumu waliachwa na ndege, na waliobaki na sura yao waliliwa. Kitabu cha Darwin kilikuwa kimetoka miaka mitatu tu kabla, naye Darwin aliipokea makala ya Bates kwa furaha kubwa. Ilikuwa mojawapo ya mifano ya mwanzo kabisa ya nadharia yake iliyotoka porini.

Kwa karibu miaka mia moja hata hivyo, sehemu kubwa ya maelezo hayo iliegemea kwenye kutazama tu. Je, ndege kweli hujifunza na kukosea jinsi tunavyodhani? Mwaka 1958 Jane Brower alichapisha majaribio aliyofanya Florida akitumia ndege waliokuwa vizimbani. Kundi moja la ndege lilipewa kwanza kipepeo mweusi mwenye sumu wa sehemu hizo. Baada ya kuonja na kujuta, wakapewa vipepeo weusi wasio na sumu wanaofanana naye, nao wakawakataa bila hata kuwagusa. Kundi la pili halikuwahi kuonyeshwa mwenye sumu, na lenyewe liliwala waigaji kama chakula chochote. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo uigaji wenyewe. Mwigaji hana ulinzi wowote mwilini mwake, maana ulinzi wake umo katika kumbukumbu ya ndege.

Na kumbukumbu hiyo inaweza kuharibika. Mwigaji ni kama mtu anayekopa dukani kwa jina la jirani yake mwaminifu. Akikopa mara moja, muuza duka hatashtuka, lakini wakopaji wa namna hiyo wakizidi, jina la jirani litapoteza thamani na hata jirani mwenyewe atanyimwa. Ndege mchanga anayeanza maisha akakutana na vipepeo wanne wa chungwa mfululizo, wote watamu, atajifunza kwamba chungwa ni chakula. Atawala waigaji, na atawaonja pia wenye sumu. Kwa hiyo uigaji wa Bates unafanya kazi vizuri pale tu ambapo mwigaji ni wachache wakilinganishwa na anayeigwa, na faida yake hupungua kadiri waigaji wanavyoongezeka.

Hapa ndipo Afrika Mashariki ilipotoa ushahidi ambao hakuna mahali pengine palipoutoa kwa uwazi kama huo. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakusanyaji walituma vipepeo wengi kutoka Entebbe na kutoka maeneo ya karibu na Nairobi, na vipepeo hao wakahesabiwa. Entebbe ilikuwa na misitu mizito na vipepeo wenye sumu tele, kiasi kwamba katika makusanyo waliwazidi majike wa dardanus kwa zaidi ya mara kumi na tano. Katika majike hao wa Entebbe, waliokuwa na mwigo mbovu, yaani mabaka yasiyokaa mahali pake au rangi iliyo nusu ya huyu na nusu ya yule, walikuwa kama 4 tu katika kila 100. Karibu na Nairobi mambo yalikuwa kinyume. Wenye sumu walikuwa wachache, pungufu hata ya majike wa dardanus wenyewe, na karibu theluthi moja ya majike hao walikuwa na mwigo mbovu.

Mtu anaweza kudhani kwamba majike wa Nairobi wana kasoro fulani. Sivyo. Mchanganyiko wa jeni hutoa sura za kila namna mahali popote, Entebbe na Nairobi. Tofauti ni nani anazichuja. Kule Entebbe ndege wanawajua wenye sumu vizuri, kwa hiyo jike mwenye kosa dogo kwenye doa lake hugunduliwa na kuliwa kabla hajataga mayai mengi. Karibu na Nairobi ndege hawana somo la kutosha. Jike aliyeiga vizuri hapati faida kubwa kuliko aliyeiga vibaya, na wote wawili huacha watoto. Katika nyanda hizo za juu wapo hata majike wenye manjano ya dume, jambo ambalo katika misitu ya Uganda ni nadra sana. Kwa maneno mengine, uzuri wa mwigo si mali ya kipepeo peke yake. Hushikiliwa pale siku hadi siku na midomo ya ndege, na mkazo huo ukilegea, mwigo huanza kufumuka.

Daktari mmoja aliona jambo hilohilo kwa kipepeo mwingine, katika visiwa vya Ziwa Viktoria. G. D. Hale Carpenter aliajiriwa katika huduma za afya za Uganda mwaka 1910, akatumwa visiwani kuchunguza mbung'o waeneza malale, wakati ambapo wakazi wa visiwa vya Ssese walikuwa wamehamishwa kwa sababu ya ugonjwa huo. Katika visiwa hivyo vilivyobaki bila watu alikusanya vipepeo wengi wa spishi iitwayo Pseudacraea eurytus, ambayo bara inaiga Acraea mbalimbali kwa ustadi mkubwa. Mahali alipokuta Acraea wachache, alikuta pia Pseudacraea wengi wa sura za katikati, wasiofanana na yeyote. Miaka mingi baadaye Carpenter alikuwa profesa wa elimu ya wadudu katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Sheria hiyo ya idadi ndiyo pia inayoeleza kwa nini jike wa dardanus ana mavazi mengi badala ya moja. Tuseme majike wote wa msitu mmoja wamevaa nyeusi na nyeupe za Amauris niavius. Wakiongezeka, ndege wataanza kuwashuku, na vazi hilo litapoteza nguvu. Hapo jike wa kwanza atakayetokea na rangi ya chungwa ya Danaus atakuwa nadra, ndege hawatakuwa na sababu ya kumshuku, na binti zake wataongezeka hadi nao wafikie kiwango chao. Spishi nzima inaweza kuwa na vipepeo wengi bila kulichosha vazi lolote, kwa kuwa inagawa mzigo wake kwa wenye sumu watatu au wanne. Mgawanyo huo hufuata hali ya mahali. Vazi la Acraea hupatikana Uganda, kwenye Acraea wa aina hiyo, na halionekani pwani. Hata Amauris niavius ana mabaka meupe makubwa zaidi pwani ya Afrika Mashariki kuliko Afrika Magharibi, na majike wa dardanus wa kila upande wana ukubwa wa mabaka unaolingana na wa mwenyeji wao.

Lakini mavazi mengi yanaleta swali gumu. Vazi moja si rangi moja. Ni rangi ya bawa la mbele, rangi ya bawa la nyuma, umbo la kila baka, upana wa kingo na hata namna ya kuruka. Jike wa chungwa anapopandana na dume aliyezaliwa na mama mweusi na mweupe, kwa nini binti zao hawatoki na bawa la mbele la huyu na la nyuma la yule? Mchanganyiko kama huo usingemfanana mwenye sumu yeyote, na ungekuwa hukumu ya kifo.

Jibu lilianza kupatikana Liverpool. Cyril Clarke alikuwa daktari wa binadamu aliyefuga vipepeo kwa mapenzi yake, na Philip Sheppard alikuwa mwanajenetiki. Kuanzia miaka ya 1950 waliagiza dardanus kutoka sehemu nyingi za Afrika na kuwapandisha kwa mkono: dume na jike hushikwa kwa vidole, matumbo yao yakagusanishwa mpaka washikane. Waligundua kwamba karibu mavazi yote yanaamuliwa na sehemu moja tu ya kromosomu. Sehemu hiyo ina matoleo mengi, na mengine yana nguvu juu ya mengine.

Mfano wake ni huu. Toleo la madoadoa lina nguvu juu ya toleo la nyeusi na nyeupe. Chukua jike wa madoadoa ambaye amebeba toleo moja la madoadoa kutoka kwa mzazi mmoja na moja la nyeusi na nyeupe kutoka kwa mwingine. Kwa kuwa madoadoa yana nguvu, yeye anaonekana wa madoadoa kamili. Mpandishe na dume aliyebeba matoleo mawili ya nyeusi na nyeupe. Dume huyo ni wa manjano na ana mikia kama madume wote, kwa hiyo kwa kumtazama huwezi kujua kabisa amebeba nini. Mayai yakianguliwa na viwavi wakakua, madume wote watakuwa wa manjano. Katika majike, takriban nusu watakuwa wa madoadoa na nusu weusi na weupe, na hapatakuwa na wa katikati. Vazi hurithiwa zima au halirithiwi.

Usafi huo unategemea mahali. Clarke na Sheppard walipompandisha dardanus wa sehemu moja ya Afrika na mwenzake wa mbali, ambao mababu zao hawakuwahi kuishi pamoja, binti walitoka na sura zilizochanganyika. Hii ina maana kwamba hata nguvu ya toleo moja juu ya jingine ni matokeo ya ndege. Matoleo yaliyokaa pamoja katika msitu mmoja kwa vizazi vingi yamerekebishwa na uteuzi, mpaka yakikutana katika jike mmoja, moja linalifunika jingine kabisa.

Utafiti wa hivi karibuni zaidi, uliochapishwa mwaka 2014, umeitambua sehemu hiyo ya kromosomu. Iko kwenye jeni iitwayo engrailed, inayojulikana tangu zamani kwa kazi yake ya kupanga viungo vya nzi wakiwa bado yaini. Katika baadhi ya matoleo ya dardanus, kipande cha kromosomu mahali hapo kimepinduliwa au kurudufiwa. Kipande kilichopinduliwa hakiwezi kubadilishana sehemu kwa urahisi na mwenzake wakati wa kutengeneza mayai au mbegu, na hivyo maagizo yote ya vazi husafiri pamoja kama furushi lililofungwa.

Kazi ya Liverpool ilizaa pia tunda ambalo halihusiani na vipepeo hata kidogo, na ambalo akina mama wengi wamelifaidi. Namna matoleo ya dardanus yanavyorithiwa ilimkumbusha Clarke urithi wa kundi la damu la Rhesus, ambalo husababisha mama mwenye damu hasi kujenga kinga dhidi ya mtoto mwenye damu chanya katika mimba zinazofuata. Akaelekeza nguvu zake huko, na katika miaka ya 1960 timu yake ilikuwa miongoni mwa waliotengeneza sindano ya kinga, anti-D, ambayo leo mama wa damu hasi huchomwa anapojifungua. Watoto wengi wako hai kwa sababu yake.

Bado kuna swali ambalo kila msomaji makini atakuwa ameshajiuliza: kama vazi la kuazima linaokoa maisha, kwa nini dume halivai? Jibu lina pande mbili. Jike mwenye mayai ni mzito, huruka polepole, na lazima apite jani kwa jani akitafuta mmea wa kutagia. Yeye ndiye ndege wanaempata kwa urahisi, na kifo chake ni kifo cha mayai yote aliyobeba. Dume hashinikizwi kiasi hicho, na rangi yake ya manjano anaihitaji ili atambuliwe na majike, na pia na madume wenzake anaoshindana nao. Kwa dume, sura ngeni inaweza kumkosesha watoto kabisa. Na jike naye hapati bila gharama. Uchunguzi wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba jike mwenye sura ya dume husumbuliwa kidogo zaidi na madume wanaotaka kupandana, usumbufu ambao humpotezea muda wa kutaga. Pale ambapo wenye sumu ni wachache na mwigo hauna faida kubwa, manjano ya dume yanaweza kuwa vazi bora kwa jike pia. Huenda ndiyo sababu majike wa namna hiyo wapo nyanda za juu za Kenya, Ethiopia na Madagaska.

Kabla mtu hajatangaza kwamba kipepeo fulani ni mwigaji wa Bates, inafaa akumbuke yaliyowapata watafiti wa Amerika Kaskazini. Kwa miaka mingi vitabu vya shule vilisema kwamba kipepeo aitwaye vaisroi hana sumu, na kwamba anamwiga monaki, ndugu wa karibu wa yule Danaus wetu wa chungwa. Mwaka 1991 watafiti wawili waliwang'oa mabawa vipepeo hao na kuwapa ndege matumbo tu, ili ndege wahukumu kwa ladha bila kuona rangi. Ndege wakamkataa vaisroi karibu sawa na monaki. Kumbe wote wawili ni wabaya kwa ladha, na kufanana kwao ni kwa namna nyingine, iliyoelezwa na Fritz Müller nchini Brazili mwaka 1878: wenye sumu wanaovaa sare moja ili ndege ajifunze mara moja kwa faida ya wote. Kwa jicho la binadamu, uigaji wa Bates na wa Müller havitofautiki. Tofauti iko tumboni, na ni ndege pekee anayeweza kuisema.

Hata wanaoigwa si wote wenye sumu sawa. Kiasi cha sumu hutegemea mmea aliokulia kiwavi, na mimea yenye utomvu wa maziwa hutofautiana sana. Kiwavi aliyekulia mmea usio na sumu ya moyo hugeuka kipepeo ambaye, kwa tumbo la ndege, ni mwigaji wa ndugu zake mwenyewe.

Kwa anayetaka kuwaona, pwani ya Kenya ina mahali pazuri. Kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, huko Gede, mradi wa Kipepeo umekuwa tangu mwaka 1993 ukiwawezesha wakulima wanaoishi pembezoni mwa msitu kufuga vipepeo na kuuza pupa kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na kwingineko. Msituni, jike mweusi na mweupe wa dardanus akiwa hewani anaweza kumpotosha hata mtu mwenye uzoefu, kwa kuwa anaelea polepole sawa na Amauris. Akitua, mtazame miguu. Amauris na Danaus husimama kwa miguu minne, maana jozi ya mbele imedumaa na kukunjwa kifuani, lakini dardanus husimama kwa miguu yote sita. Kisha mtazame anapokwenda kutaga. Akigusagusa kwa miguu majani ya mti wa jamii ya mlimau, ambayo ukiyapondaponda hunukia, na kuacha yai moja moja la mviringo, basi umempata. Yai hilo, likiwa la kike, linaweza kutoa binti wa vazi la mama yake au binti wa vazi jingine kabisa, kutegemea baba aliyebeba toleo gani chini ya manjano yake.